Vitunguu vya Kambi ya Mikoche

Mimi na Polikarpo tuligombana kwa miaka kabla hatujaonana uso kwa uso.

Yeye alikuwa mpishi mkuu wa Kambi ya Mikoche, porini huko mbele ya Kibiti, karibu na mto Rufiji, mahali watalii walipokwenda kutazama tembo na viboko. Mimi nilikuwa Keko, hapa hapa Dar es Salaam, nyuma ya karakana za maseremala, katika uwanja alioniachia marehemu baba yangu, mzee Shomari. Kazi yangu ilikuwa kukusanya chakula cha kambi, kukifunga na kukipakia kwenye lori. Kazi yake ilikuwa kukipokea na kukipika. Mboga zikifika zimechubuka, alisema mimi sijui kufunga. Nikisikia zimeozea huko, nilisema yeye hajui kutunza. Maneno hayo tulirushiana kwa redio koli, asubuhi, mbele ya karani wa ofisi ya mjini, ambaye naamini alikuwa akiwahi kazini ili asikose.

Usidhani ni kazi ya kununua vitu sokoni na kuvitupa kwenye gari. Ukimpikia mume wako Temeke, kitunguu kikiisha unamtuma mtoto dukani. Kule porini kitunguu kikiisha, kimeisha. Kiangazi lori lilikwenda mara mbili kwa mwezi, likipenda. Umeme ulikuwa wa jenereta, ukiwashwa jioni ili wageni waone wanachokula, kisha unazimwa. Kulikuwa na friji moja la mafuta ya taa, zee, lenye moshi kama treni, ambalo lilitosha siagi na dawa za nyoka tu. Kwa hiyo kila kitu nilichokipeleka kilipaswa kujilinda chenyewe.

Nilijua kukifanya kijilinde. Nyanya nilizinunua mbichi, za kijani, nikazigawa: zitakazoiva kesho kutwa tenga hili, zitakazochelewa tenga lile, kila moja ndani ya kipande cha gazeti. Kabichi nilizichukua na mizizi yake. Mayai sikuruhusu yaoshwe, na hapo ndipo nilipopigana na Tunu, binti wa mama yangu mdogo, tuliyefanya naye kazi. Tunu aliona aibu kumpelekea mgeni yai lenye uchafu wa kuku. Nilimwambia yai lina koti lake la kuzaliwa nalo, ukiliosha umelivua nguo, linaoza. Alinielewa, lakini mkono wake ulikuwa unawashwa kila akiona ndoo ya maji. Nyama ya siku za mwanzo ilisafiri na vipande vya barafu ndani ya sanduku la kuta mbili, na katikati ya kuta tulijaza unga wa mbao. Unga huo tuliupata bure. Ukikaa Keko unaupumua hata usipoutaka.

Sanduku lile alilitengeneza fundi Albano, jirani yangu, na yeye ndiye aliyetengeneza kitu nilichokipenda kuliko vyote: kabati la mkaa. Lilikuwa kubwa, mtu mzima anaingia na kusimama. Kuta zake zilikuwa za wavu wa kuku, mbili mbili, katikati zimejazwa mkaa. Juu kulikuwa na bati lenye vitundu, unalijaza maji, yanadondoka taratibu juu ya mkaa. Upepo ukipita, maji yanakauka, na yakikauka yanaondoka na joto. Ukifungua mlango unasikia baridi kama ya mtungi. Tulilijaribu Keko wakati wa kaskazi, majirani wakaja kuweka nyuso zao ndani. Kambini lilifanya kazi kiangazi chote, hata Polikarpo alikosa la kusema, na kukosa la kusema ilikuwa shukrani yake.

Masika kambi ilifungwa. Barabara inayotoka Kibiti ni mchanga, kisha udongo mweusi, kisha makorongo. Mvua zikianza, gari halipiti mpaka ardhi ikauke. Wafanyakazi walirudi makwao, na mimi nilikaa nikisubiri kiangazi.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wa dhiki. Unga wa ngano ulipatikana kwa kibali, sukari kwa foleni, mafuta ya taa kwa kujuana. Mwezi wa pili meneja wa kampuni, Ndugu Gozbert, alikuja mwenyewe uwanjani kwangu. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye haki, asiyejua kuzunguka maneno.

"Bi Chausiku," alisema, "masika haya kambi haifungwi. Kuna wataalamu wa kupima maji ya mto. Wanataka kuuona ukiwa umejaa. Watakaa mpaka barabara ifunguke."

"Alhamdulillahi. Watakula nini?"

"Hilo ndilo lililonileta. Ndege ndogo itawapeleka wao na vyombo vyao. Chakula haiwezi kubeba, labda kwa shida kubwa. Kuna kampuni ya hapa mjini yenye vyumba vya barafu, inaniambia ipewe kazi yote, masika na kiangazi. Wengine ofisini wanaona tuwape sasa hivi."

Uwanja ule ulilisha nyumba yangu, ya Tunu, na ya wanawake wengine wawili waliofunga mizigo nasi. "Na wewe unaonaje, Ndugu Meneja?"

"Mie naona hivi. Peleka mzigo mmoja kabla njia haijafunga. Jiko likivuka masika bila kuniomba ndege ya chakula, kazi ni yako. Likiniomba ndege hata mara moja, sitaweza kukutetea tena."

"Halitakuomba," nilisema, kabla hata sijafikiri. Mimi ndivyo nilivyo.

Basi tukaingia kazini. Samli ya madebe, kwa sababu samli haihitaji friji. Maziwa ya unga, siagi ya makopo. Unga tuliupepeta, tukauanika, tukauweka ndani ya mapipa ya bati yenye mifuniko ya kubana, fukusi wasiingie. Choroko, kunde, dengu. Papa mkavu, ng'onda, nyama tuliyoichana membamba tukaipaka chumvi na kuikausha juani. Ndimu ndani ya mchanga, achari za embe, viazi, maboga yenye ngozi ngumu. Kuku walikwenda hai, matenga kwa matenga. Mbuzi sikupeleka, maana mbung'o wa kule wangewamaliza kabla ya kisu. Na vitunguu, magunia, vilivyokauka vizuri shingoni, kwa sababu mpishi asiye na kitunguu anachemsha tu, hapiki.

Polikarpo alizungumza nami kwa redio. Sauti yake ilikuja na mikwaruzo.

"Dada Chausiku, niletee kamba na waya. Nataka kutengeneza uchaga juu ya jiko. Vitunguu nitavitundika kwenye moshi kama kwetu Masasi. Over."

"Wageni wa serikali hawali vitunguu vinavyonuka moshi. Vitakaa ghala. Na kabichi na mayai vitakaa kwenye kabati la mkaa. Over."

"Kabati lako hulijui masika, dada. Over."

"Wala wewe hulijui! Masika hukaagi huko! Over!"

Karani alikohoa ili asicheke. Hasira yangu ilikuwa kubwa hata nikaamua kwenda na lori mwenyewe, nipange ghala kwa mikono yangu, nirudi kesho yake na dereva. Kamba na waya nilivitia kwenye mzigo, lakini chini kabisa, ili ahangaike kuvitafuta.

Dereva alikuwa Jabiri, mtu wa Mtoni kwa Aziz Ali, mpole hadi unataka kumtikisa. Tulipita Mbagala kukiwa na jua. Kibiti tukakuta mawingu. Baada ya hapo barabara ilianza kutuvuta miguu. Kuku walilalamika nyuma, mimi nililalamika mbele, Jabiri akaendesha tu. Korongo la mwisho kabla ya kambi lilikuwa na maji ya kifundo cha mguu. Tulivuka, tukafika, tukapakua mvua ikianza kunyesha. Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Jabiri alitembea kwenda kulitazama korongo, akarudi ameloa hadi kiunoni.

"Bi Chausiku," alisema kwa upole wake ule, "sie tumeshakuwa watu wa huku."

Ndivyo nilivyojikuta nimefungiwa porini, nikila chakula nilichokifunga mwenyewe, pamoja na mtu niliyemtukana kwa miaka.

Nilikuwa nimemfikiria Polikarpo mnene mwenye kiburi. Kumbe alikuwa mwembamba, mwenye mvi za mapema, anayeimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akikata mboga. Alinikaribisha vizuri. Alinipa chumba kikavu kuliko chake. Hilo lilinikera zaidi, maana ni vigumu kumgombeza mtu aliyekupa chumba.

Wageni waliletwa na ndege: Wazungu wachache na vijana wetu wa idara ya maji, wote wana njaa ya watu wanaofanya kazi ndani ya maji. Mwanzoni mambo yalikwenda kama nilivyopanga. Tulikula kinachoharibika kwanza: nyama ya barafu, mchicha, nyanya zilizoiva. Kisha karoti na nyanya za tenga la pili. Kabichi, maboga na vitunguu vilikuwa vya mbele, vya siku ngumu. Nilitembea ghalani kama mwenye nyumba.

Kisha siku moja nikafungua kabati langu la mkaa.

Hapakuwa na baridi. Palikuwa na joto la mdomo wa mtu. Kabichi zilikuwa zimeota ukungu, mweupe na wa kijani. Nilipasua yai moja kwenye kikombe, nikageuza uso. Nikakimbilia ghalani, nikazamisha mkono kwenye gunia la vitunguu. Vidole vilizama kwenye uji. Vingine vilikuwa vimeanza kuchipua, majani membamba yakitafuta njia kwenye matundu ya gunia.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya ghala, nikalia. Sikulia kwa ajili ya kabichi. Nilimwona Tunu pale uwanjani, na Ndugu Gozbert akifungua mdomo kuniambia anasikitika.

Polikarpo alinikuta pale. Nilimsubiri aseme. Kama angesema "nilikuambia," nadhani leo nisingekuwa mtu huru. Hakusema. Alipiga goti, akaanza kuchambua vitunguu: vizima huku, vibovu kule. Baadaye ndipo akauliza, "Maji ya lile kabati, yanakauka?"

"Hayakauki. Bati la juu limejaa tangu jana."

"Yatakaukia wapi, dada? Hewa yenyewe imeshiba."

Hapo nikaelewa, na nilipoelewa nilikasirika upya, safari hii nikiikasirikia mbingu. Kabati halikuwa na kosa. Linahitaji hewa kavu yenye kiu, inywe maji ya mkaa na kuondoka na joto. Masika hewa haina kiu. Nilikuwa nimejenga sanduku la unyevu katikati ya unyevu na kulijaza mayai. Keko tulilijaribu wakati wa kaskazi, tukashangilia, hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza litakuwaje mvua zikija, kwa sababu masika kambi ilikuwa imefungwa siku zote.

"Haya, tengeneza huo uchaga wako," nilisema.

"Nimeshautengeneza. Kamba ulizificha chini ya choroko." Aliinuka. "Ila hauna moto. Njoo uone."

Jiko la kambi lilikuwa banda, lenye paa la makuti na wazi pande mbili. Juu ya mafiga alikuwa amefunga fito, ngazi juu ya ngazi, kazi safi. Chini yake kuni zilikuwa zinalia. Zimeloa, zinatoa moshi mzito na machozi meusi, joto hakuna. Kwao Masasi, alisema, kuni za masika zinawekwa ndani tangu kiangazi. Lakini kambi hii haikuwahi kuishi masika, hakuna aliyeweka. Mkaa uliokuwepo ulikuwa wa kupikia tu, na ulikuwa unapungua. Kwa moshi ule wa maji, vitunguu vingeloa na kuwa vyeusi, vikaoza vile vile.

Nilisimama nikitazama mafiga. Kisha nikalitazama kabati langu pale nje, kuta zake nne, pana, ndefu, zimejaa mkaa wa mkambala niliouchagua kipande kwa kipande.

"Nipe shoka," nilimwambia Jabiri.

"La nini?"

"Nipe shoka, Jabiri!"

Polikarpo aliinua mkono. "Dada, subiri. Hilo ni kabati lako. Kiangazi tutalitaka."

"Kiangazi Albano atatengeneza lingine. Tusipovuka masika hakuna kiangazi."

Nikapiga. Nakwambia, pigo la kwanza liliniuma mwilini. La pili likanipa raha. La tatu nilikuwa nacheka kama mwendawazimu, mkaa ukimwagika miguuni, mweusi, mwingi, magunia kwa magunia. Ulikuwa umeloa, lakini mkaa haushikilii maji kwa ukaidi wa kuni. Tuliutandaza kuzunguka mafiga, wa mbele ukakauka, ukaingia motoni, wa nyuma ukasogezwa mbele, na kuni zikakaushwa pembeni, za kuchanganya kidogo kidogo. Moto wa mkaa ulikuwa mdogo, wa polepole, usio na moshi wa kutoa machozi. Kwenye chumba kilichofungwa ungetuua, lakini banda letu lilipumua. Ndani ya siku chache uchaga ulikuwa na joto la jua la saa nne.

Vitunguu vizima tulivisuka mikungu kwa kamba, tukavitundika. Nyama kavu na papa, ambavyo vilikuwa vimeanza kulegea, vikapanda pia. Chumvi iliyokuwa inalia maji ikapanda. Mapipa ya unga yakasogezwa karibu na ukuta wenye joto. Viazi sikukubali vipandishwe juu, hapo tuligombana tena kidogo, na nilishinda mimi, maana kiazi kinataka giza na ubaridi, joto linakiamsha. Tulivilaza ghalani juu ya fito, mchanga mkavu wa jikoni ukivifunika. Kabichi tulizivua majani yenye ukungu, zikabaki ndogo lakini nzima, tukazining'iniza kwa mizizi pembeni, kwenye upepo. Mayai tuliyatia majini: yaliyolala chini tukayafuta, tukayapaka samli nyembamba kuziba ngozi, yakakaa ndani ya jivu kavu, ncha chini. Yaliyoelea tuliyazika mbali.

Na kwa kuwa majani mabichi yalikuwa yamekwisha, nilikumbuka matembele tuliyokula siku za kwanza. Vikonyo vyake nilivitupa nyuma ya jiko, navyo, kwa mvua ile, vilikuwa vimeshika ardhi bila kuulizwa. Nikapanda vingine kwenye masanduku matupu chini ya upenu. Choroko niliziloweka na kuziotesha kwenye nguo, zikatoa mikia myeupe, tamu. Mzungu mmoja aliuliza mboga hiyo tunaitoa wapi. Polikarpo alimjibu, "Kwa dada."

Sikumwambia kwamba nilisikia. Lakini siku hiyo nilimpelekea chai.

Mwezi ulikwisha, mvua haikukoma. Korongo lilikuwa mto, na mto ulikuwa bahari ya matope. Wavuvi walikuwa wamehamia juu, hata kambale hatukuwapata. Mafuta ya taa yalikwisha, friji likanyamaza. Tulihamishia dawa za nyoka kwenye mtungi wa udongo uliozikwa mchangani, na siagi tuliisahau. Dizeli iliyobaki ilikuwa ya kuchaji betri ya redio peke yake, basi wageni wakala kwa taa za samli. Niligeuza mikungu ya vitunguu kila asubuhi na kuuliza kila kimoja hali yake.

Ndugu Gozbert aliita. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Bi Chausiku, watu wa barabara wanasema bado sana. Niambie ukweli. Nilete ndege ya chakula? Hakuna atakayekulaumu. Over."

Wote walinitazama: Polikarpo, Jabiri, na yule kijana wa idara ya maji aliyetuwashia redio. Nilikuwa na unga, nafaka, maboga, kuku waliobaki, na vitunguu. Vilitosha? Sikujua. Nilimgeukia Polikarpo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwuliza.

"Tunafika?"

Alitazama uchaga, akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Tukiwapa boga mara nyingi kuliko wanavyopenda, tunafika."

Nikabonyeza kitufe. "Ndugu Meneja, usilete chakula. Lete sabuni, ndege ikija kwa shughuli nyingine. Over."

Kisha nikaenda ghalani, nikahesabu maboga upya.

Tuliwapa boga. Boga la nazi kavu, boga la papa, mkate wa boga, supu ya boga. Kijana wa idara ya maji alisema akirudi kwao Moshi atakimbia akiona boga shambani. Lakini hakuna aliyelala njaa, hakuna aliyeumwa tumbo, na kila chungu kilianza na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikageuka rangi. Harufu ile ilivuka mvua. Nilikuwa naiona migongo ya watu ikinyooka ikiwafikia.

Siku ndege ilipokuja kuwachukua wageni, anga lilikuwa limepasuka, jua linaangalia. Kutoka kwenye ndege akashuka rubani, na nyuma yake Ndugu Gozbert, suruali amekunja, amekumbatia boksi.

"Sabuni," alisema. Kisha akaona haya kidogo. "Na vitunguu. Nilisema labda mmeficha shida zenu."

Nilichukua boksi, nikamshukuru, nikamkaribisha mezani. Polikarpo alipika siku ile kama mtu anayemwozesha binti. Kuku wa kupaka, wali wa samli, matembele, mayai ya kukaanga, mkate uliotoka motoni. Katikati aliweka bakuli kubwa la kachumbari: vitunguu vibichi, vilivyokatwa vyembamba kama karatasi, ndimu na pilipili juu. Kitunguu kibichi hakina pa kujificha. Kikiwa kimeharibika, pua inajua kabla ya ulimi. Kikiwa kimeshika moshi, vile vile.

Ndugu Gozbert alijipakulia. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Hivi ni vile nilivyoleta?"

"Vyako bado viko kwenye boksi," nilisema. "Hivyo vya Keko. Vya mwezi wa tatu."

"Havinuki moshi."

Polikarpo alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. "Moshi unabaki kwenye koti, mzee. Ukimenya, umeuvua."

Maneno hayo ya koti yalikuwa yangu, ya mayai, nilimsimulia siku moja tukichambua dengu. Nilimwangalia, akaniangalia, na wote wawili tukaanza kucheka bila kuweza kuacha. Ndugu Gozbert hakujua tunacheka nini, lakini alijaza tena bakuli lake. Kiongozi wa wageni alisimama akasema amefanya kazi kwenye mito ya nchi nyingi na hajawahi kula kitunguu kibichi mwisho wa mvua. Nilimwelewa nusu, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, lakini nusu hiyo ilinitosha kabisa.

Ndege ilipoondoka nilimpa Ndugu Gozbert mkungu mmoja wa vitunguu, wa juu kabisa wa uchaga, mweusi kwa masizi. Aliushika mbali na shati lake jeupe.

Ardhi ilipokauka mimi na Jabiri tulirudi. Keko walitusikia kabla hawajatuona, maana Jabiri, mpole yule, alipiga honi tangu Mtoni. Tunu alitoka mbio, vigelegele vikimtangulia, na wanawake wenzetu nyuma yake, na mafundi wakaacha randa zao. Tunu alinishika mabega, akaninusa. "Unanuka jiko!"

"Na nitanuka hivi kila masika," nilimwambia, ingawa nilikuwa bado sijakwenda ofisini.

Nilikwenda kesho yake, nimevaa kanga mpya. Karani aliponiona alisimama. Ndani, juu ya meza ya Ndugu Gozbert, pale watu wa ofisi wanapotundika kalenda, ulining'inia mkungu wangu wa vitunguu na masizi yake. Haukuwa umeguswa, na hakuna kimoja kilichokuwa kimechipua.

"Wanaokuja kuomba kazi ya kambi," alisema, "nawaonyesha hivyo. Nawauliza kama vyumba vyao vya barafu vinaweza."

"Wanasemaje?"

"Wanauliza umeme wa kule unatoka wapi."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikapita kwa karani, nikaomba redio, nikasubiri mikwaruzo itulie.

"Kaka Polikarpo, unanisikia? Kazi ni yetu. Masika na kiangazi. Anza kuweka kuni ndani leo. Over."

Mikwaruzo. Kisha ikaja sauti yake, na nyuma yake kelele za jiko zima likishangilia, masufuria yakigongwa.

"Nimekusikia, dada. Na lile tenga la mwisho la nyanya lilifika limechubuka. Over."

Karani aliweka kalamu chini, akavuta kiti karibu.